Lugha, Kibodi na Saa katika Mfumo Mgeni wa Kompyuta: Mfano wa Duka Moja la Magamba

Watumiaji wengi wa kompyuta nchini sasa wanatumia mifumo endeshi miwili katika mashine moja. Mmoja ni mfumo mwenyeji, yaani ule uliokuja na kompyuta, na mara nyingi huwa ni Windows. Wa pili ni mfumo mgeni, unaoishi ndani ya programu ya mashine pepe kama VirtualBox, na mara nyingi huwa ni Debian au ndugu zake. Mgeni hujiona kuwa ana kompyuta yake mwenyewe, yenye diski, kibodi na saa. Kwa sababu hiyo haridhi chochote katika yale ambayo mwenyeji amekwisha kupangiwa. Lugha, mpangilio wa kibodi na saa za eneo hupangwa upya ndani yake, na makosa yanayofanyika hapo huweza kukaa miezi bila kugunduliwa.

Katika makala haya tunaeleza kosa moja la namna hiyo, kisha tunaonyesha namna ya kulikwepa. Tumelichagua kwa sababu lilijificha nyuma ya mazoea yetu wenyewe ya kuhesabu saa.

Saa iliyosema Kiswahili

Mama mmoja ana duka la uchapaji na fotokopi huko Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kando ya barabara inayotumiwa na wanafunzi. Wateja wake huja na kazi katika diski mweko, na nyingi kati ya hizo huwa na virusi. Fundi alimshauri, na kwa maoni yetu alimshauri vema, kwamba diski za wateja zifunguliwe ndani ya mfumo mgeni wa Debian badala ya Windows yenye hesabu za duka. Akamsakinishia. Mama akaanza pia kuweka humo daftari la kazi, yaani jedwali lenye jina la mteja, idadi ya kurasa, na saa ambayo kazi ilipokewa na ilipochukuliwa. Saa hizo hujazwa na kompyuta yenyewe kwa kubonyeza vitufe viwili.

Baada ya miezi mitatu, mteja mmoja alidai kwamba kazi yake aliyoilipia hakupewa. Mama alikumbuka vizuri kwamba aliichukua saa tatu asubuhi, akafungua daftari ili athibitishe. Daftari liliandika 03:10. Mbele ya watu waliokaa kuwasuluhisha, rekodi hiyo ilisomeka kama saa tisa na dakika kumi za usiku, wakati duka limefungwa na Magamba yote imejifunika ukungu. Mteja akasema daftari ni la kutunga. Mama hakuwa na cha kujibu, akarudisha fedha.

Tulipomwuliza iwapo aliwahi kuona kasoro katika saa ya kompyuta hiyo, alishangaa. “Saa yenyewe iko sawa, mwanangu. Ikiwa saa mbili inasema mbili, ikiwa saa tisa inasema tisa.”

Alikuwa anasema kweli. Saa ya mfumo mgeni ilikuwa nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, nayo sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya hesabu ya saa ya Kiswahili na hesabu ya kimataifa. Saa mbili asubuhi ni 08:00, nayo kompyuta ilionyesha 02:00. Saa tisa alasiri ni 15:00, nayo ilionyesha 09:00. Kwa mtu anayefungua duka asubuhi na kulifunga saa kumi na mbili jioni, kioo na mazoea vilikubaliana kutwa nzima. Kasoro ingeonekana giza likiingia, kwa maana saa moja usiku kompyuta ingeonyesha 13:00, lakini saa hiyo duka huwa limeshafungwa.

Alama ya kujumlisha inayotoa

Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, UTC, mwaka mzima, na haibadilishi saa kwa majira. Fundi alilijua hilo. Alipokuwa akisakinisha alichagua Marekani kama nchi, pengine kwa kuharakisha, na Debian ikampangia saa za huko. Baadaye alipotaka kusahihisha, alifungua orodha ya saa za maeneo, akaingia katika kundi liitwalo `Etc`, akaona `GMT+3`, akalichagua na kuondoka.

Tatizo ni kwamba katika kundi hilo alama zimegeuzwa. Majina yake yanafuata desturi ya zamani ya mifumo ya Unix, ambamo kujumlisha kulimaanisha upande wa magharibi wa Greenwich. Kwa hiyo `Etc/GMT+3` ni saa 3 nyuma ya UTC, na `Etc/GMT-3` ndiyo iliyo saa 3 mbele. Aliyechagua ya kwanza akidhani ni ya pili amekosea kwa saa 6, wala si 3. Hatumlaumu sana fundi, kwa kuwa orodha hiyo haina maelezo yoyote, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma kama alivyoisoma yeye. Ushauri wetu ni kutoligusa kundi la `Etc` kabisa. Chagua `Africa`, kisha `Dar_es_Salaam`, kwa alama hizo hizo za chini kati ya maneno.

Kuchunguza hali ilivyo hakuhitaji ufundi. Fungua dirisha la amri ndani ya mfumo mgeni, uandike `timedatectl`. Katika duka la Magamba, siku tuliyofika, simu zetu zilionyesha 09:10, na majibu ya kompyuta yalikuwa na mistari hii:

```
    Local time: 03:10
Universal time: 06:10
     Time zone: Etc/GMT+3 (-03, -0300)
```

Tumeondoa tarehe ili isomeke kwa urahisi. Mstari wa kuangaliwa kwanza ni wa pili. Saa ya kimataifa ilikuwa 06:10, na ukiongeza 3 unapata 09:10, sawasawa na simu zetu. Maana yake saa yenyewe ilikuwa nzima, na kilichokosewa kilikuwa jina la eneo peke yake. Dawa yake ni amri moja inayotolewa na msimamizi wa mfumo:

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Baada ya hapo mstari wa mwisho husomeka `Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)`. Herufi EAT ni kifupi cha saa za Afrika Mashariki.

Tunasisitiza kwamba katika hali kama hii saa isisogezwe kwa mkono. Ukiiona 03:10 ukaisukuma mpaka 09:10 huku jina la eneo likiwa bado na kosa, unaiharibu saa ya kimataifa iliyokuwa nzima. Mara nyingi mfumo utairudisha wenyewe baada ya muda mfupi, kwa sababu hulinganisha saa yake na mtandao au na mfumo mwenyeji, na mtumiaji hubaki akilalamika kwamba “saa haishikiki”. Wapo pia wanaofanya kinyume, wanairudisha nyuma saa nzima kwa saa sita makusudi ili isome Kiswahili. Hao hugundua kosa siku wanapotaka kusasisha programu. Debian hukataa na kusema kwamba orodha ya programu `is not valid yet`, yaani haijaanza kutumika, kwa kuwa imetiwa muhuri wa wakati ambao kwa kompyuta hiyo bado haujafika.

Je, rekodi za zamani za duka zilipotea? Hapa ipo habari njema na habari mbaya. Tarehe ambazo mfumo wenyewe huziambatisha kwenye mafaili huhifadhiwa kwa saa ya kimataifa, na huonyeshwa kwa saa za eneo wakati wa kusomwa tu. Eneo liliposahihishwa, mafaili yote ya miezi mitatu yalijisahihisha mbele ya macho yetu, na faili la yule mteja likaonekana kuwa lilifungwa asubuhi mchana kweupe. Lakini saa zilizokwisha kuandikwa ndani ya jedwali ni maandishi ya kawaida, nazo hazibadiliki. Tulimshauri mama aache daftari la zamani kama lilivyo, na aandike juu yake tarehe ya marekebisho pamoja na maelezo kwamba kila saa iliyo kabla ya hapo iongezwe 6. Kuzifuta na kuziandika upya kungempa mteja mwingine sababu ya kusema daftari limetungwa.

Iwapo mstari wa saa ya kimataifa wenyewe ndio usiolingana, kosa haliko kwa mgeni, liko kwa mwenyeji. Chukua kompyuta ambayo Windows yake iliachwa na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo mwezi Januari huwa nyuma ya UTC kwa saa 8. Mwenyewe aliona saa si sahihi, akaisogeza kwa mkono mpaka ikasoma 09:00 kama ukutani. Windows sasa inaamini kwamba saa ya kimataifa ni 17:00, na inampa mgeni saa hiyo. Mgeni aliyepangwa vizuri kwa Dar es Salaam anaongeza 3, anaonyesha 20:00. Ukimsahihisha mgeni hutafika popote. Rudi katika Windows, chagua eneo linaloitwa `(UTC+03:00) Nairobi`, kwa maana Dar es Salaam haimo katika orodha hiyo, kisha ndipo uirekebishe saa.

Kibodi: fuata vitufe, si jina la lugha

Kibodi ya duka hilo ilitoka Uingereza pamoja na kompyuta iliyotumika. Juu ya kitufe cha 2 imechapwa alama ya kunukuu, na juu ya kitufe cha 3 ipo alama ya pauni. Windows ilikuwa imepangwa hivyo hivyo. Mfumo mgeni, kwa kuwa ulisakinishwa kwa Kimarekani, ulisoma vitufe hivyo kwa namna nyingine: kitufe cha 2 kikibonyezwa pamoja na shifti kilitoa `@`, na cha 3 kilitoa `#`. VirtualBox haimpelekei mgeni herufi. Humpelekea namba ya kitufe kilichobonyezwa, na mgeni ndiye anayeamua kitufe hicho kina herufi gani. Ndiyo maana kuwa na mpangilio sahihi katika Windows hakusaidii chochote ndani ya Debian.

Hatari kubwa iko katika nenosiri. Wakati wa kusakinisha, nenosiri huandikwa kwa nukta, na mtu haoni kilichoandikwa. Ukiweka alama ya `@` huku mpangilio ukiwa mmoja, kisha mpangilio ukabadilishwa, utafungiwa nje ya mfumo wako na utaapa kwamba nenosiri ni lile lile. Debian ina kisanduku kiitwacho `Show Password in Clear` katika hatua hiyo. Kitie alama, usome kwa macho ulichoandika. Kwa aliyekwisha kufungiwa, mwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza na mgeni wa Kimarekani, ajaribu kubonyeza shifti na 2 pale anapotaka `@`. Mara nyingi mlango hufunguka.

Orodha ya mipangilio ya kibodi ina pia `Swahili (Tanzania)`, na baadhi ya watumiaji hudhani kwamba bila hiyo hawawezi kuandika Kiswahili. Sivyo. Kiswahili hakihitaji herufi yoyote isiyokuwamo katika kibodi ya kawaida ya Kiingereza, na hatujaona sababu ya kuwashauri watu waichague ikiwa alama zilizochapwa kwenye vitufe vyao ni za Uingereza au Marekani. Chagua mpangilio unaolingana na unachokiona kwenye vitufe: `gb` kwa Uingereza, `us` kwa Marekani. Amri ya kubadilisha ni `dpkg-reconfigure keyboard-configuration`. Kwa wanaotumia mazingira ya dirisha na kipanya, kila mtumiaji ana uchaguzi wake katika sehemu ya mipangilio ya kibodi, nao huo hushinda ule wa mfumo.

Upo mpangilio unaouharibu Kiswahili, na kwa bahati mbaya jina lake linavutia: ule wa Kimarekani wa kimataifa wenye vitufe bubu. Ndani yake ritifaa haiandikwi mara moja. Husubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu hugeuka kuwa mkazo juu yake. Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' karibu kila mara hufuatwa na irabu, kwa hiyo ni nadra neno kunusurika. Ng'ombe anakuwa “ngómbe”, na ng'ang'ania inakuwa “ngángánia”. Kwa mchapaji wa wilaya ya wafugaji na wakulima si jambo dogo, kwani hati ya mauzo yenye “ngómbe” ishirini humfanya msomaji ajiulize kama hata hesabu imechapwa sawasawa. Ukiona mkazo wa namna hiyo, usihangaike kubonyeza nafasi baada ya kila ritifaa. Badilisha mpangilio kuwa wa kawaida.

Lugha yenyewe

Kisakinishi cha Debian hakina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Mtumiaji huchagua Kiingereza, kisha kwa upande wa nchi huchagua `other`, halafu `Africa`, halafu Tanzania. Usichague Marekani kwa sababu tu imekwisha kutiwa alama katika orodha, maana hapo ndipo matatizo ya saa ya mama wa Magamba yalipoanzia. Ukiichagua Tanzania, Debian itakueleza kwamba haina mchanganyiko wa Kiingereza na Tanzania, na itakuomba nchi ya kuazima desturi za uandishi. Hapo chagua Uingereza au Marekani bila wasiwasi. Saa haitaathirika, kwa kuwa Tanzania ina eneo moja tu la saa nalo limekwisha kuwekwa.

Kiswahili huongezwa baada ya usakinishaji kukamilika. Msimamizi anaandika `dpkg-reconfigure locales`, anashuka katika orodha ndefu mpaka mstari wa `sw_TZ UTF-8`, anautia alama na kukubali. Wengi hupitwa nao kwa sababu wanatafuta `sw_TZ.UTF-8` yenye nukta katikati, kama ilivyo kwa Kiingereza. Kiswahili kimeandikwa kwa nafasi. Hatua ya pili ni kukifanya kiwe lugha ya mfumo:

```
update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8
```

Hapa nukta inarudi, na mfumo huielewa. Toka, uingie upya, kisha andika `date +%A`. Ukijibiwa jina la siku kwa Kiswahili, kama Jumatatu, kazi imekamilika. Ukiona maneno `Cannot set LC_MESSAGES to default locale`, ujue umeitaja lugha ambayo hukuitia alama katika orodha. Rudia hatua ya kwanza.

Usitarajie kwamba kila kitu kitageuka. Majina ya siku na miezi yatakuwa ya Kiswahili, na baadhi ya programu zitakuwa na menyu za Kiswahili, nyingine nusu, nyingine hazina kabisa. Panapokosekana tafsiri, Kiingereza hujitokeza, na hilo si kosa la usakinishaji. Kazi ya kutafsiri programu huria ilianza mapema hapa nchini, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, lakini programu hubadilika kila mwaka na tafsiri husubiri watu wa kuzifanya. Mama wa Magamba, kwa upande wake, alijaribu menyu za Kiswahili kwa siku mbili, akaomba arudishiwe za Kiingereza alizozizoea, abakiwe na tarehe za Kiswahili tu. Hilo linawezekana kwa amri hii:

```
update-locale LANG=en_GB.UTF-8 LC_TIME=sw_TZ.UTF-8
```

Sharti ni kwamba `en_GB.UTF-8` nayo iwe imetiwa alama katika orodha ile ile.

Anayemlipa fundi amsakinishie mfumo mgeni anaweza kuyakagua haya kabla ya kutoa fedha, kwa muda usiozidi dakika tano. Mwombe aandike `timedatectl` na usome jina la eneo, ambalo liwe na neno Dar es Salaam. Andika mwenyewe neno ng'ombe, kisha anwani yako ya barua pepe, uone kama ritifaa na `@` zinatokea pale zilipochapwa. Mwambie azime mfumo mgeni, auwashe tena, na wewe ndiwe uingize nenosiri. Ikiwezekana, iangalie saa hiyo mara moja baada ya jua kuzama, ukiiweka kando ya simu yako.